Kubana vipimo vya mto kwa wastani na tofauti: weveleti ya Haar kwa mkono, hatua kwa hatua

Mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, umekaa chini ya Mlima Elgon, na vijito vinavyoteremka kutoka mlimani havina subira. Mto unaweza kulala asubuhi nzima ukiwa umefika kwenye kifundo cha mguu, mvua ikanyesha juu huko saa nane, na jioni maji yakawa kifuani. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku, na watu wakapoteza maisha. Anayepima vijito vya aina hii ana data ya namna ya pekee: kimya kirefu, kisha mruko mmoja mkali, kisha kushuka taratibu. Ni data inayobanika vizuri sana, yaani inayoweza kutumwa kwa namba chache, kwa njia nitakayoieleza, ambayo haihitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa na kugawa kwa mbili.

Njia hii inaitwa weveleti ya Haar, kwa jina la Alfréd Haar, mwanahisabati wa Hungaria aliyeieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1909 huko Göttingen. Nitaifanya yote kwa vipimo vinane tu, kwa kuwa vinane vinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari la miraba, na mkono ukishaizoea, msimbo hauna la kukutisha. Ila sehemu ninayotaka uisome polepole ni ile ya kizingiti, yaani kuamua namba ipi itupwe na ipi ibaki. Hapo ndipo wengi huchagua bila kujua wamechagua nini.

Vipimo vyenyewe

Chukua kipimo cha kina cha maji kila baada ya saa tatu, kwa sentimita, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 9 usiku. Namba hizi nimezitunga mimi kwa kufuata tabia ya vijito vya huku, na nimezichagua zigawanyike vizuri ili nusu zisituvuruge mapema:

```
39  37  44  44  96  88  64  60
```

Vinne vya kwanza ni mchana wa kawaida. Kati ya saa 9 alasiri na saa 12 jioni maji yamepanda kutoka 44 hadi 96. Baada ya hapo yanashuka.

Kushuka ngazi tatu

Zipange namba mbili mbili. Kwa kila jozi andika vitu viwili: wastani wake, na nusu ya tofauti yake, ya kwanza ukitoa ya pili; nusu hiyo nitaiita tofauti tu. Jozi ya 39 na 37 ina wastani 38 na tofauti 1. Jozi ya 44 na 44 inatoa 44 na 0. Jozi ya 96 na 88 inatoa 92 na 4. Ya mwisho, 64 na 60, inatoa 62 na 2.

Wastani zote ziandike kushoto, tofauti zote kulia:

```
38  44  92  62  |  1  0  4  2
```

Hakuna kilichopotea hapa. Ukiwa na wastani 92 na tofauti 4, unajua namba ya kwanza ni 92 + 4 na ya pili ni 92 − 4. Nane zimeingia, nane zimetoka. Faida yake ni kwamba upande wa kulia sasa una namba ndogo ndogo, kwa kuwa vipimo vinavyofuatana kwa kawaida havipishani sana.

Sasa ziache za kulia zilivyo, na urudie kazi ileile kwa zile nne za kushoto tu. 38 na 44 zinatoa wastani 41 na tofauti −3. 92 na 62 zinatoa 77 na 15. Halafu 41 na 77 zinatoa 59 na −18. Ukurasa mzima unakuwa hivi:

```
39  37  44  44  96  88  64  60
38  44  92  62 | 1  0  4  2
41  77 | -3  15 | 1  0  4  2
59 | -18 | -3  15 | 1  0  4  2
```

Mstari wa mwisho ndio mabadiliko ya weveleti. Usome kama mtu anayesogelea mto kutoka mbali. 59 ni wastani wa siku nzima. Jumlisha vipimo vyote nane, ugawe kwa nane, utapata 59, na hilo ni jaribio zuri la kujua kama hukukosea. −18 inasema nusu ya kwanza ya siku ilikuwa chini ya wastani kwa 18 na nusu ya pili juu kwa 18: ndiyo mafuriko yenyewe, yote ndani ya namba moja. −3 inasema kwamba ndani ya nusu ya kwanza maji yalipanda kidogo, na 15 inasema kwamba ndani ya nusu ya pili yalishuka sana. Zile nne za mwisho ni mitikisiko midogo ndani ya kila jozi.

Alama ya kutoa ndiyo inayowapotosha wengi wanaoanza. Kwa kuwa tunatoa ya pili kutoka ya kwanza, tofauti hasi maana yake maji yanapanda. Liandike hilo pembeni mwa daftari lako, tutalihitaji baadaye.

Kwa Python kazi yote ni hii:

```python
def shuka(x):
    x = list(x)
    n = len(x)
    while n > 1:
        h = n // 2
        w = [(x[2*i] + x[2*i+1]) / 2 for i in range(h)]
        t = [(x[2*i] - x[2*i+1]) / 2 for i in range(h)]
        x[:n] = w + t
        n = h
    return x

def panda(c):
    c = list(c)
    h = 1
    while h < len(c):
        y = []
        for w, t in zip(c[:h], c[h:2*h]):
            y += [w + t, w - t]
        c[:2*h] = y
        h *= 2
    return c
```

Kabla ya kwenda mbele, hakikisha `panda(shuka(x))` inarudisha `x` ileile. Kama hairudishi, kizingiti hakitakusaidia. Utakuwa unatafuta kosa la kubana mahali ambapo kosa ni la hesabu.

Idadi ya vipimo lazima iwe 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Ukiwa na saba, rudia kipimo cha mwisho ili kufikisha nane. Usijaze sifuri. Sifuri kando ya 64 inatengeneza tofauti ya 32, yaani poromoko ambalo mto haukuwahi kulifanya, na utalilipia nafasi kama vile ni habari ya kweli.

Kizingiti: kwanza sema unaogopa nini

Kubana kunaanza hapa. Tunachagua kizingiti, na kila tofauti iliyo ndogo kuliko hicho tunaigeuza sifuri. Wastani wa kwanza, 59, hauguswi kamwe.

Weka kizingiti 4, ukiangalia ukubwa wa namba bila alama. Zinabaki 59, −18, 15 na 4. Zinatupwa −3, 1 na 2. Panda ngazi kurudi juu: 59 na −18 zinatoa 41 na 77, 41 bila tofauti inabaki 41 na 41, 77 na 15 zinatoa 92 na 62, halafu 92 na 4 zinatoa 96 na 88. Matokeo:

```
asili:   39  37  44  44  96  88  64  60
baada:   41  41  41  41  96  88  62  62
```

Mchana umenyooka kama meza, lakini kilele cha 96 kiko palepale.

Sasa tazama jambo ambalo maelezo mafupi huliruka. Tumeitupa −3 na kuibakisha 4 kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Lakini hizi mbili hazina uzito sawa. Ile 4 inagusa vipimo viwili tu, 96 na 88. Ile −3 iko ngazi ya juu yake, na inagusa vipimo vinne, vile vyote vya mchana. Ukiitupa 4, vipimo viwili vinakosea kwa 4 kila kimoja. Mraba wa makosa ni 16 mara mbili, yaani 32. Ukiitupa −3, vipimo vinne vinasogea kwa 3 kila kimoja. 9 mara nne, yaani 36. Kwa hesabu ya miraba, iliyoonekana ndogo ndiyo yenye hasara kubwa.

Ndiyo maana anayetaka jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo iwezekanavyo hapimi namba kama ilivyo. Anaizidisha kwanza kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo inavyovigusa. 4 mara kipeuo cha pili cha 2 ni kama 5.66. 3 mara kipeuo cha pili cha 4 ni 6 kamili. Weka kizingiti 6 kwa mizani hiyo, na sasa zinabaki 59, −18, −3 na 15, huku 4 ikitupwa:

```
asili:   39  37  44  44  96  88  64  60
baada:   38  38  44  44  92  92  62  62
```

Namba zilizobaki ni nne, kama mara ya kwanza. Jumla ya miraba ya makosa ni 42. Ile ya kwanza ilikuwa 46. Kwa vitabu, hii ya pili imeshinda.

Kwangu mimi haijashinda. Tazama kilele: 96 imekuwa 92. Mto umepunguziwa sentimita nne saa ileile ambayo watu wa bondeni wanahitaji kujua umefika wapi. Kosa la njia ya kwanza nalo lilifika sentimita nne, lakini lilianguka asubuhi, maji yakiwa chini, mahali ambapo halimdhuru mtu.

Isije ikafikiriwa kwamba kizingiti cha namba tupu hulinda kilele siku zote. Hapa kilele kimepona kwa kuwa 4 ilifika kwenye kizingiti. Ingekuwa 3 ingekwenda na maji. Kinachopatikana kwa uhakika ni kitu kingine: kila kipimo kinajengwa kwa tofauti moja tu kutoka kila ngazi. Tuna ngazi tatu. Kama kila tofauti iliyotupwa ni ndogo kuliko 4, basi hakuna kipimo hata kimoja kitakachokosea kufika 4 mara 3, yaani sentimita 12, hata siku ikiwa mbaya namna gani. Huo ni ukingo unaoweza kumwahidi mtu. Kizingiti kilichopimwa kwa kipeuo cha pili hakikupi ahadi rahisi ya hivyo kwa kipimo kimoja kimoja; kinakupa ahadi kuhusu jumla.

Kwa hiyo ukiwa unabana sauti au picha, ambako jicho na sikio hukubali kosa lililosambaa, tumia mizani ya kipeuo cha pili. Ukiwa unabana kina cha maji, joto la friji ya chanjo, au chochote chenye mstari usiovukwa, tumia kizingiti kimoja cha namba tupu kwa ngazi zote, ukikipata kwa kugawa kosa unaloweza kulivumilia kwa idadi ya ngazi. Ukivumilia sentimita 6 na una ngazi tatu, kizingiti chako ni 2. Na kilele cha siku kitume pembeni kama namba ya peke yake. Ni baiti moja, na inafaa kulipiwa.

Nafasi inapatikana wapi

Kugeuza namba kuwa sifuri hakupunguzi chochote kama bado unazituma hizo sifuri. Njia nyepesi kwa vipimo vinane ni kutanguliza baiti moja ya ramani: biti nane, kila biti ikisema kama namba ya nafasi hiyo ipo au haipo. Kwa mfano wetu wa kwanza zilibaki namba ya 1, ya 2, ya 4 na ya 7:

```
11010010   59  -18  15  4
```

Baiti tano badala ya nane. Wastani unaenea kwenye baiti isiyo na alama, 0 hadi 255, na nusu-tofauti za vipimo vya kina hicho zinaenea kati ya −128 na 127, ilimradi umezizungusha ziwe namba nzima.

Meseji moja ya simu hubeba baiti 140. Siku zenye baiti nane kila moja zinaingia 17. Zenye baiti tano zinaingia 28. Faida kubwa zaidi iko kwenye siku za kiangazi. Mwezi wa Januari mto ukitulia kati ya 40 na 42 kutwa nzima, tofauti zote zinatupwa, na siku inabaki baiti mbili: ramani na wastani. Ongeza ile baiti ya kilele ukitaka. Nazungumzia kumbukumbu ya mwezi hapa. Onyo la mafuriko haliingii kwenye foleni hii. Linatumwa papo hapo, bila kubanwa.

Saa ya kuanzia inabadilisha kila kitu

Mfano wangu ulikuwa na bahati moja: mruko wa 44 hadi 96 uliangukia katikati kabisa ya siku, mpaka wa jozi na wa ngazi zote. Anza saa 3 asubuhi badala ya saa 12, na kipimo cha mwisho kiwe 58 cha asubuhi ya pili:

```
37  44  44  96  88  64  60  58
```

Sasa 44 na 96 ni jozi moja, na tofauti yake ni −26. Mstari wa mwisho unakuwa 61.375, −6.125, −14.75, 8.5, −3.5, −26, 12, 1. Mto ni uleule, mvua ni ileile, lakini kwa kizingiti cha 4 zinabaki namba sita badala ya nne. Ni udhaifu wa kuzaliwa wa Haar, kwa kuwa jozi zake zimefungwa mahali. Usilinganishe siku mbili kwa tofauti zao kama hazikuanza saa ileile, na usitangaze kiwango cha kubana ulichopata kwa siku moja. Pima kwa mwezi mzima.

Nusu zinazopotea, na kosa lililonichukua wiki

Umeona hapo juu zimetokea 61.375 na 8.5. Kifaa kidogo cha mtoni kinapenda namba nzima, na ukigawa kwa mbili ukatupa nusu, huwezi kurudi kwenye vipimo vya asili hata bila kizingiti. Dawa yake ni kutuma tofauti nzima, isiyogawanywa, na kujenga wastani wa namba nzima kutokana nayo:

```python
def jozi(a, b):
    t = a - b
    return b + t // 2, t

def rudisha(w, t):
    b = w - t // 2
    return b + t, b
```

Nusu iliyotupwa wakati wa kushuka inarudishwa ileile wakati wa kupanda, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Kumbuka tu kwamba `t` sasa ni maradufu ya ile ya mwanzo, basi na kizingiti kiwe maradufu: 8 mahali pa 4. Vilevile `t` inaweza kuvuka 127 mto ukiruka sana, na hapo baiti moja haitoshi.

Niliiandika hivi kwenye kompyuta ya kupokea, na kwenye kifaa nikaiandika kwa C, `t / 2`. Kijana aliyekuwa akisoma nguzo ya rangi pale darajani kulinganisha na data yangu alinipigia simu: "Mzee, nguzo inasema arobaini, huku kwako naona arobaini na moja." Nikamwambia aisafishe nguzo matope, asome tena. Akasoma tena, arobaini. Kesho yake namba zilikubaliana, keshokutwa zikakataa. Nilishuku kihisi, nikashuku hata macho yake, na ninajuta hilo, kwa sababu yeye ndiye aliyeona kitu cha kweli. Baada ya siku kadhaa akaniambia neno lililofungua fundo: "Inakosea mto ukiwa unapanda tu."

Mto unapopanda, tofauti ni hasi. Na −3 ikigawanywa kwa 2, C inakata kuelekea sifuri na kutoa −1, wakati `//` ya Python inashuka hadi −2. Chukua 37 na 40. Kifaa kinapata wastani 40 − 1, yaani 39. Kompyuta inapokea 39 na −3, inarudisha 38 na 41. Zote mbili zimezidi kwa moja. Ikitokea tofauti hasi isiyogawanyika kwa mbili katika ngazi zote tatu, kosa linaweza kufika sentimita 3, na hilo ni kabla ya kizingiti kuongeza la kwake.

Kwenye C sasa ninaandika hivi, na inashuka kama Python:

```c
int nusu = (t - (t < 0)) / 2;
```

Jaribio la kulikamata kosa hili ni fupi. Zima kizingiti, kisha pitisha mfululizo unaopanda wenye tofauti zisizogawanyika kwa mbili kutoka kifaa hadi kompyuta, kwa mfano 37, 40, 41, 44, 45, 50, 53, 60. Halafu pitisha uleule kinyumenyume. Ukirudi salama ukishuka na ukazidi ukipanda, tatizo liko kwenye kugawa namba hasi. Jaribu kwenye kifaa chenyewe, si kwenye nakala yake ndani ya kompyuta: kwa Python pande zote mbili hugawa kwa namna moja, na kosa hili halitaonekana kamwe.